Fundisha kutua kwanza: ratiba ya msimu wa netiboli kwa timu ya wasichana, Tabora

Miaka mitatu iliyopita barua ya mashindano ya wilaya ilitufikia zikiwa zimebaki siku kumi tu. Tulikuwa tunafanya mazoezi mara tatu kwa wiki, nikaona hayatoshi. Nikawaita wasichana asubuhi kabla ya kengele na jioni baada ya vipindi, kila siku, kwenye kiwanja kilichokuwa kimekauka hadi kikawa kama sakafu. Siku ya sita senta wetu aliruka kuchukua pasi ya juu, akatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani, akakaa chini bila kupiga kelele. Siku mbili baadaye mlinzi mmoja aliteguka kifundo cha mguu. Wilayani tulikwenda na wachezaji tisa, hatuna senta.

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya mara mbili: niliwapandishia mazoezi ghafla, tena miili yenyewe sikuwa nimeifundisha kutua. Ratiba ninayoieleza hapa imetokana na makosa hayo mawili. Ni ya wasichana wa miaka 13 hadi 18, timu ya wachezaji 14, kiwanja cha udongo, mipira minne. Mwalimu wa Kigoma, Urambo au Nzega ataweza kuitumia kwa kubadilisha tarehe tu.

Anza mwisho, urudi nyuma

UMISSETA ya taifa, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kwa kawaida hufanyika katikati ya mwaka, wakati wa likizo ya Juni. Kabla yake kuna mkoa, na kabla ya mkoa kuna wilaya, ambayo kwa shule nyingi ndiyo mashindano makubwa ya mwaka. Tarehe kamili hubadilika na barua huchelewa, kwa hiyo mimi huweka wilaya mwanzoni mwa Mei na kuhesabu kurudi nyuma. Nikianza wiki ya tatu ya Januari, shule zikishatulia, napata wiki 15 kamili kabla ya wilaya, na wilaya yenyewe inakuwa wiki ya 16. Tarehe ikisogezwa mbele nakuwa na wiki ya ziada ya kupumua. Ikirudishwa nyuma, nakata wiki za mwisho za kupandisha. Wiki za mwanzo sizigusi hata kidogo.

Wiki ya 1 hadi ya 8 ni za kujenga mwili. Wiki ya 9 hadi ya 14 tunajenga mchezo. Wiki ya 15 tunapunguza. Mashindano yakiisha zinafuata wiki nne ambazo walimu wengi hawaziandiki kabisa kwenye ratiba, nami nitafika huko.

Wiki ya kwanza: pima mambo mawili

La kwanza ni magoti. Msimamishe msichana kwenye ngazi ya baraza la darasa, yenye kimo cha sentimita 20 hadi 30 hivi. Ashuke kwa miguu yote miwili, akifika chini aruke juu mara moja. Mwenzake asimame mbele na simu, achukue video. Kisha iangalie taratibu, uisimamishe pale miguu inapogusa ardhi. Magoti yakiwa juu ya vidole vya miguu, sawa. Yakisogeleana kama yanataka kugusana, huyo ana kazi ya kufanya. Mwaka jana, kati ya wasichana 14, magoti ya tisa yalisogeleana.

Kwa nini goti? Netiboli hairuhusu kukimbia na mpira. Mchezaji anakuja kwa kasi, anadaka hewani, na akishatua lazima asimame, maana akiuinua mguu wa kwanza kutua na kuurudisha chini kabla hajauachia mpira, mwamuzi anapiga filimbi ya stepu. Na mpira asiushike zaidi ya sekunde tatu. Kwa hiyo kila pasi inadai breki ya ghafla, na breki hiyo inabebwa na goti na kifundo cha mguu. Msichana aliye katika umri wa kubalehe mifupa yake imerefuka haraka kuliko misuli ya paja na nyonga ilivyopata nguvu ya kuiongoza, ndiyo maana goti linaangukia ndani. Vyama vya netiboli vya Australia na New Zealand vimetunga mazoezi ya kupasha mwili yaliyojengwa juu ya jambo hili hili.

La pili ni goli lenyewe. Chukua tepu kwa fundi, pima kutoka ardhini hadi kwenye pete: inatakiwa mita 3.05. La kwetu lilikuwa mita 2.90, kwa sababu nguzo ilishazama na mvua za miaka kadhaa zilileta udongo chini yake. Wafungaji wetu walikuwa wakifunga vizuri nyumbani, wakifika ugenini mipira inagonga mbele ya pete. Tuliwalaumu kwamba wana woga, kumbe tatizo ni nguzo. Pima pia nusu duara la kufungia: mita 4.9 kutoka katikati ya mstari wa goli. Chukua kamba na kigingi, chora kwa majivu au chokaa.

Wiki ya 1 hadi ya 8: kutua, kisha pumzi

Siku zetu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi jioni. Wiki mbili za kwanza ni dakika 45 tu, na kila zoezi linaanza na dakika 15 za kutua. Hizo dakika 15 hazikatwi hata tukichelewa, hata mkuu wa shule akija kuangalia akataka kuona mechi.

Wiki ya 1 na ya 2 hakuna mpira kwenye sehemu hii. Wanaruka papo hapo na kutua kwa miguu yote miwili, wanasimama na kuhesabu hadi tatu bila kuyumba. Mara sita, wapumzike, mara sita tena. Neno ninalowaambia ni moja: "Tua kimya." Nikiwageuzia mgongo naweza kusikia nani anatua vibaya, kwa sababu mguu ulionyooka unapiga "pwa!" na goti lililokunjika vizuri halisikiki. Ukiwaambia "kunja goti, sukuma nyonga nyuma, usiingize goti ndani, inua kifua" kwa pamoja, wanachanganyikiwa. Ukiwaambia watue kimya, mwili unajipanga wenyewe.

Wiki ya 3 na ya 4 wanatua kwa mguu mmoja, kwanza kwa kuruka mbele hatua moja, halafu kwa upande. Hapa usiharakishe. Anayeyumba anarudi kwenye miguu miwili, na asionewe aibu. Wiki ya 5 na kuendelea unaingia mpira: mwenzake anarusha juu kidogo, yeye anakimbia hatua tatu, anadaka hewani, anatua, anasimama, anapiga pasi. Kuanzia wiki ya 7 anayerusha anaurusha pembeni bila kusema upande, na kuna mlinzi anayesimama mita 0.9 kutoka kwenye mguu uliotua, kama sheria inavyotaka. Hapo ndipo kutua kunafanana na mechi.

Baada ya kutua kuna nguvu ya miguu: kuchuchumaa, kupanda ngazi kwa mguu mmoja, na zoezi la kupiga magoti chini huku mwenzako amekushika vifundo, unaegemea mbele taratibu kadiri unavyoweza kujizuia, kisha unajishika kwa mikono. Hili la mwisho linajenga misuli ya nyuma ya paja, ambayo ndiyo mlinzi wa goti. Anza na mara tatu tu. Kesho yake watatembea kwa shida, na wazazi wengine watakuja kuuliza umewafanya nini watoto.

Pumzi tunaijenga kwa mbio fupi za kurudi, si kwa kuzunguka kiwanja. Kiwanja kina urefu wa mita 30.5, na mchezaji wa netiboli hakimbii mbali. Anakimbia mita tano, anasimama, anageuka, anakimbia tena. Kwa hiyo ni kutoka mstari wa goli hadi mstari wa kwanza na kurudi, hadi wa pili na kurudi, kisha apumzike mara mbili ya muda aliokimbia. Mara nne wiki ya 3, hadi mara nane wiki ya 8.

Miezi hii ni ya mvua kwetu. Udongo ukilowa unateleza, nami siruhusu kuruka kwenye utelezi kwa sababu yoyote ile. Mvua ikinyesha tunahamia barazani au darasani: kutua kwa miguu miwili, nguvu ya miguu, pasi za kifua ukutani. Dakika 30 zinatosha, tunaondoka.

Ramadhani

Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya kipindi cha kujenga mwili, na Tabora hii nusu ya timu yangu inafunga. Niliwahi kujaribu kuwaacha wafungaji wa swaumu wakae chini ya mwembe wakitazama. Walirudi Shawwal wakiwa wiki nne nyuma ya wenzao, na nikataka wawafikie ndani ya wiki moja. Halafu nikashangaa kuona maumivu ya goti.

Siku hizi timu nzima inafuata ratiba ya Ramadhani, anayefunga na asiyefunga. Tunaanza saa kumi na moja badala ya saa kumi, ili anayefunga amalize karibu na futari. Kutua na nguvu ya miguu vinabaki kama vilivyo. Mbio ndizo tunazozikata nusu. Hatupandishi chochote mwezi huo, tunashikilia tulipofika. Kizunguzungu, kuacha kutoka jasho au maumivu ya kichwa ni ishara ya kukaa kivulini mara moja, na uamuzi wa kufungua ni wake na wazazi wake.

Wiki ya 9 hadi ya 14: mchezo, na daftari la uchovu

Sasa tunacheza. Senta na washambuliaji wake, WA na GA, wanajifunza kutoka pamoja kwenye pasi ya katikati. Walinzi, GD na GK, wanajifunza nani anamfuata nani mpira unapoingia kwenye duara. Wafungaji wanamaliza kila zoezi kwa mipira 50, wakiwa tayari wamechoka, na hesabu inaandikwa. Haya kila kocha ana njia yake, sitakaa hapo.

Nitakaa kwenye daftari. Kila zoezi likiisha, nusu saa baadaye, wakiwa wanakunywa maji na kufunga mabegi, ninamuuliza kila mmoja peke yake: "Leo limekuchosha kiasi gani, sifuri hadi kumi?" Sifuri ni kama alikuwa amekaa. Kumi ni kwamba asingeweza hatua moja zaidi. Namba hiyo naizidisha kwa dakika za zoezi. Dakika 60 kwa tano ni 300. Nikijumlisha siku tatu napata mzigo wa wiki.

Mwaka jana timu ilianza wiki ya kwanza na wastani wa 540, yaani dakika 45 mara nne, siku tatu. Ramadhani tulikaa kwenye 700 hivi. Kuanzia wiki ya 9 tukaongeza kama 100 kila wiki, wiki ya 12 tukashuka ili miili ipumue, na kilele kikawa wiki ya 14: dakika 75 kwa sita, dakika 75 kwa tano, na dakika 60 kwa tano, jumla 1,125. Ule mwaka wa majeraha sikuwa na daftari, lakini nilipohesabu baadaye nilikuta niliwapandisha karibu mara tatu ndani ya wiki moja. Hakuna namba moja inayosema hapa ndipo goti litakapoumia. Kinachoonekana wazi ni kuruka kwa ghafla, na daftari linakuonyesha kabla hakujatokea.

Tena linakuonyesha mtu mmoja mmoja. Wiki ya 11, siku ya zoezi la kawaida, wote walisema tano au sita. GD wetu akasema tisa. Zoezi lililofuata, tisa tena. Nilimwita pembeni.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, madamu. Bomba la mtaani limeharibika. Nachota maji kule bondeni asubuhi, safari nne."

Ndoo ya lita 20 kichwani, safari nne, kisha kutembea kuja shule. Hayo yote ni mazoezi, ila mimi nilikuwa siyahesabu. Nilimpunguzia: kutua na pasi tu, mbio asikimbie, hadi bomba likatengenezwa. Wilayani alicheza mechi zote. Namba ingebaki juu wiki mbili bila sababu kama hiyo, ningempeleka zahanati kupimwa damu, kwa sababu upungufu wa damu kwa wasichana wanaopata hedhi huanza hivyo hivyo: mazoezi yale yale yanakuwa mazito, moyo unadunda, ngazi zinamchosha.

Wiki ya 10 rudia video ya ngazi. Kati ya wale tisa, walibaki watatu, na hao walibaki na zoezi lao la ziada hadi mwisho.

Wiki ya 15, kisha mashindano

Punguza muda, usipunguze kasi. Dakika 45 mara tatu, pasi za haraka, mechi fupi za dakika nane, mipira ya kufunga. Mzigo wetu ulikuwa 585, kama nusu ya wiki ya kilele. Wasichana watalalamika kwamba hawajachoka, na wewe mwenyewe utaona kama unawaibia. Vumilia. Kitu cha kujenga kwa wiki moja hakipo tena, cha kubomoa kipo.

Wilayani timu inaweza kucheza mechi mbili kwa siku, siku tatu mfululizo. Mechi kamili ya netiboli ni robo nne za dakika 15, ingawa mashindano ya shule mara nyingi hufupisha, kwa hiyo soma kanuni mlizopewa. Mapumziko kati ya robo ndiyo nafasi yako ya kubadilisha, itumie. Senta anaruhusiwa kwenda kila mahali isipokuwa kwenye maduara mawili ya kufungia, ndiye anayekimbia kuliko wote. Andaa masenta wawili tangu wiki ya 9, na mechi ambayo mnaongoza kwa magoli kumi mtoe wa kwanza, usisubiri achoke. Tazama kutua kwao: senta aliyekuwa anatua kimya akianza kusikika, amekwisha.

Kati ya mechi mbili wapewe vitu wanavyovijua: ndizi, viazi vitamu, uji wenye karanga kama muda unazidi saa mbili. Wali na nyama ni vya usiku. Maji mtembee nayo kwenye madumu, maana kiwanjani mara nyingi ni jua na vumbi na bomba liko mbali.

Ukitoka wilayani hadi mkoani kuna wiki mbili au tatu. Wiki ya kwanza siku mbili za mazoezi mepesi. Ya pili kawaida kidogo, kama wiki ya 9. Ikiwepo ya tatu, rudia ile ya 15. Na kutua kwa dakika 15 kunaendelea. Walimu wanaoacha hapa wakidhani kazi imekwisha ndio wanaoumiza watu kwenye fainali.

Wiki nne baada ya mechi ya mwisho

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wasinione, nisiwaone. Ya pili na ya tatu wacheze wanachotaka: rede, kuruka kamba, mpira wa miguu na kaka zao, mara mbili kwa wiki. Wiki ya nne tunarudi kwenye kutua kwa miguu miwili na nguvu ya miguu, kama Januari, dakika 30.

Walioumia wana njia yao. Kifundo kikiteguka, siku mbili tatu za kwanza ni kupumzisha, kukifunga bandeji, kukiinua, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 kama ipo. Kuchua kwa maji ya moto na chumvi, kama bibi zetu wanavyopenda, kusubiri, kwa sababu katika siku hizo kunazidisha uvimbe. Asiyeweza kukanyaga hatua nne, au anayeumia ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, apelekwe hospitali akapigwe picha. Goti likisikika "ta!" na kuvimba ndani ya saa chache, apelekwe siku hiyo hiyo, asikandwe na mtu.

Akianza kupona, zoezi lake ni kusimama kwa mguu mmoja: sekunde 30 akiwa amefumbua macho, kisha akiwa amefumba, kisha akidaka mpira. Kila siku, hata anapopiga mswaki. Kifundo kilichoteguka mara moja huteguka tena kwa urahisi, na hili ndilo linalopunguza.

Kurudi kiwanjani hakuamuliwi na kalenda wala na huruma. Aruke kwa mguu ulioumia mara kumi bila maumivu, kisha kwa mguu mzima mara kumi, na umbali ukaribie kulingana. Apande ngazi ya baraza, ashuke, video ichukuliwe. Senta wetu wa ule mwaka alikaa nje miezi kumi. Siku aliporudi alisimama kwenye ngazi ile ile, wenzake wakanyamaza wote, akashuka, na hatukusikia kitu.